Bei ya hatifungani ya kampuni: makosa yanayojificha kwenye hesabu

Tuchukue hatifungani, yaani hati ya mkopo ambao kampuni imechukua kwa wawekezaji, ya miaka 2 yenye thamani ya uso 100 na kuponi, yaani malipo ya riba, ya 8 kila mwisho wa mwaka. Riba isiyo na hatari ni 5%. Kila mwaka, ikiwa kampuni bado inalipa, kuna uwezekano wa 3% kwamba itashindwa. Ikishindwa, wadai hupata 40% ya thamani ya uso mwisho wa mwaka huo; hilo ndilo fungu la kuokolewa.

Dhana potofu: kila mwaka, fungu la kuokolewa huzidishwa kwa uwezekano kwamba kampuni imeshafilisika.

Hili ndilo kosa ninaloliona baya zaidi, kwa sababu jibu lake halishtui. Kampuni hufilisika mara moja tu, na malipo ya uokoaji huja mara moja. Kinachotakiwa ni uwezekano wa kushindwa ndani ya mwaka husika. Uwezekano wa kunusurika mwaka wa kwanza ni 0.97, na hadi mwisho wa wa pili ni 0.97 × 0.97 = 0.9409. Kwa hiyo kushindwa ndani ya mwaka wa pili ni 0.97 − 0.9409 = 0.0291, wala si 0.0591, ambao ni uwezekano wa kushindwa kwa miaka yote miwili kwa jumla, 1 − 0.9409.

Malipo ya ahadi, 8 kisha 108, yakizidishwa kwa uwezekano wa kunusurika na kurudishwa kwenye thamani ya leo, yanafikia 99.56. Fungu la kuokolewa, 40 × 0.03 na 40 × 0.0291, linaongeza 2.20. Bei ni 101.76. Ukitumia 0.0591, bei inapanda hadi 102.85 bila sababu yoyote. Njia ya kujikagua ni rahisi: 0.03 + 0.0291 + 0.9409 lazima iwe 1.

Dhana potofu: mwenye hatifungani huokoa 40% ya kila alichoahidiwa.

Kwa kawaida mfilisi wa kampuni hutambua deni la msingi na riba iliyokwisha kulimbikizwa. Kuponi ambazo muda wake haujafika hazidaiwi. Ndiyo maana 40% hapo juu imezidishwa kwa 100, si kwa 108.

Dhana potofu: bei ya sokoni inafichua uwezekano wa kufilisika.

Bei huonyesha zaidi zao la kuzidisha uwezekano wa kushindwa kwa hasara inayobaki baada ya uokoaji. Badilisha uokoaji uwe 20% na uwezekano uwe 2.25% kwa mwaka: bei inatoka 101.88, karibu ileile. Hatifungani inayouzwa karibu na thamani ya uso haiwezi kukutenganishia mambo hayo mawili. Zile 40% ambazo soko limezoea kwa deni la kawaida lisilo na dhamana ni makadirio. Tofauti hujitokeza bei ikishuka sana: ikikaribia 35, makadirio ya 40% hayasimami tena.

Na hata ukijua uokoaji, uwezekano unaotolewa kwenye bei umebeba pia malipo ya kuvumilia hatari, hivyo kwa kawaida huzidi rekodi halisi za kampuni zilizoshindwa kulipa. Ukiweka takwimu za kihistoria moja kwa moja kwenye hesabu, karibu kila hatifungani itaonekana kuuzwa kwa bei ya chini.