Mdhamini au mthamini? Jinsi vitate vinavyofichwa ndani ya swali

Vitate ni maneno yanayokaribiana sana kwa sauti au maandishi lakini kila moja lina maana yake. Kura na kula, ajali na ajili, zana na dhana. Mwanafunzi akiulizwa "tofautisha maneno yafuatayo" hapati shida kubwa, kwa sababu swali limeshamwonyesha kwamba kuna mtego. Shida huanza pale ambapo neno moja limeachwa wazi katikati ya sentensi ndefu, na hakuna aliyemwambia kwamba jozi ile imo humo.

Nachukua jozi moja tu, dhamini na thamini, kwa sababu hapa Dodoma inatembea mtaani na pia kwenye karatasi za mtihani. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, habari za viwanja, fidia na mikopo ya nyumba hazijakauka midomoni. Mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini. Hata hivyo bado utasikia mtu akisema "mdhamini atakuja kesho kuangalia shamba", akimaanisha yule mtaalamu wa kukadiria bei. Mdhamini akija, atakuja kwa jambo jingine kabisa.

Kudhamini ni kusimama nyuma ya mtu au jambo: kuahidi kwamba utalipa mwenzako akishindwa, au kugharimia shughuli yake. Ndiyo maana mashindano yana wadhamini, mshtakiwa hutoka kwa dhamana, na wizara ina waziri mwenye dhamana. Kuthamini kuna mambo mawili. Kwanza ni kukadiria kitu kina thamani gani kwa fedha, na hiyo ndiyo kazi ya mthamini. Pili ni kumpa mtu au kitu heshima na uzito. Kwa hiyo "tunadhamini sana mchango wako", sentensi inayoandikwa kila siku kwenye barua za shukrani, inasema kitu ambacho mwandishi hakukusudia, yaani kwamba mchango wako tunaugharimia sisi.

Kwa nini yanachanganywa? Ulimi hukaa palepale, katikati ya meno, kwa sauti zote mbili. Tofauti ni mtetemo tu: weka kidole kooni, utausikia kwenye dh na hutausikia kwenye th. Wengi wetu huku bara hatukukua na sauti hizo nyumbani, kwani zimeingia hasa na maneno yenye asili ya Kiarabu, kwa hiyo tunasema "zamini" na "samini" na mambo yanaenda. Tukishika kalamu ndipo tunakumbuka kwamba kuna herufi mbili za kuandika, na mkono unachagua yoyote.

Anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza anazijua jozi kama affect na effect. Kwa kiasi fulani zile zina nafuu. Mara nyingi affect ni kitenzi, yaani kuathiri, na effect ni nomino, yaani athari, hivyo nafasi ya neno kwenye sentensi inakuelekeza (japo effect nayo huwa kitenzi pale inapomaanisha kuleta au kutekeleza badiliko). Principal na principle ni ngumu zaidi. La pili ni nomino, maana yake kanuni. La kwanza huweza kuwa sifa, "kuu", lakini pia ni nomino, kama mkuu wa chuo au kiasi cha mkopo kabla ya riba. Zote mbili zikikaa mahali pa nomino, sarufi inakuacha mkono mtupu.

Dhamini na thamini ziko upande huo mgumu. Zote ni vitenzi, na watoto wao wanalingana mmoja kwa mmoja: mdhamini na mthamini, udhamini na uthamini, kudhaminiwa na kuthaminiwa. Hata dhamana na thamani ziko ngeli moja, kwa hiyo "yake" au "hii" baada ya pengo haikusaidii chochote. Mtunga swali analijua hilo. Anaandika sentensi ambayo maneno yote mawili yanaingia bila kugombana na sarufi, kisha anaficha kidokezo mbali na pengo.

Tazama swali hili:

"Mkulima wa zabibu wa Hombolo aliomba mkopo benki, akaweka shamba lake kuwa dhamana. Benki ilimpeleka ______ shambani, naye baada ya kupima eneo na kuhesabu mizabibu aliandika kwamba shamba halifikii hata nusu ya mkopo ulioombwa."

Soma mpaka kwenye pengo tu. Kuna benki, kuna mkopo, na neno dhamana limetajwa waziwazi. Kila kitu kinakuvuta kuandika mdhamini, na dhamana ile imewekwa pale makusudi kama chambo. Sasa endelea. Huyo mtu alipima, akahesabu, akaandika shamba linafikia kiasi gani. Hajaahidi kulipa chochote. Ni mthamini.

Badilisha nusu ya pili: "Benki ilimtaka alete ______, naye baada ya kuliona shamba aliandika kwamba mkulima akishindwa kulipa, deni litakuwa lake." Mwanzo ni uleule, shamba ni lilelile, na huyu naye ameliangalia. Jibu limegeuka kuwa mdhamini, kwa sababu anabeba deni. Basi usiulize sentensi inahusu mada gani. Uliza yule mtu anafanya nini: anataja bei, au anajifunga kwa ahadi?

Maficho mengine ni kiunganishi. "Wachezaji wetu hawa______, ingawa kampuni inalipia jezi na nauli." Jezi na nauli vinapiga kelele za udhamini, lakini "ingawa" imegeuza maana. Udhamini upo, kinachokosekana ni heshima. Kwa hiyo ni hawathaminiwi. Toa "ingawa", weka "ndiyo maana wanajinunulia jezi", na sasa hawadhaminiwi ndilo linalofaa zaidi. Anayesoma haraka hukamata majina na kuruka viunganishi, na wanaoanguka kwenye swali la namna hii wengi wameangukia hapo.

Kwenye tahajia kuna msaada mmoja ambao sijauona ukifundishwa vya kutosha. Thamani, thamini na tathmini ni ukoo mmoja, na th haiwatoki. Hakuna anayeandika "tadhmini" kirahisi, maana jicho linakataa. Ukiona neno unalolitaka linaweza kukaa jirani na tathmini kimaana, liandike kwa th.

Kuna pia maswali yasiyo ya haki. "Nyumba isiyo na hati haina ______ mbele ya benki." Anayejibu thamani ana hoja, kwani benki itaihesabu kama haina bei ya kuaminika. Anayejibu dhamana atasahihishwa kwa shida, lakini naye alikuwa na wazo: nyumba ile haifai kuwekwa rehani. Sentensi ina kidokezo kimoja hafifu, na kinaelekea pande zote mbili. Ukikutana na la namna hiyo chumba cha mtihani, chagua lile linalokaa bila kuongezewa maneno. "Haina thamani" imekamilika yenyewe, lakini "haina dhamana" inamfanya msomaji aulize nani alipaswa kuidhamini hiyo nyumba.