Taa ya koili kwenye dashibodi ya dizeli

Ukifungua swichi ya gari la dizeli kabla ya kupiga stata, kwenye dashibodi inawaka taa ya njano yenye mchoro wa waya uliojizungusha. Baada ya sekunde chache inazimika. Madereva wengi wa Arusha wanajua kwamba muda huo ni wa kusubiri hita plagi zipate moto. Wasichojua wengi ni kwamba taa hiyo inaweza kuwaka na kuzimika vizuri kabisa huku nusu ya hita plagi zimekufa.

Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, nozeli inapuliza mafuta humo, nayo yanashika yenyewe. Kwenye 1HZ, ile injini ya silinda sita iliyo kwenye Landkruza nyingi za watalii, hewa hubanwa zaidi ya mara 22. Injini ikishapata joto, mbano huo unatosha. Ikilala nje kwenye baridi, chuma cha hedi na silinda kinanyonya joto la hewa, na betri iliyopoa inazungusha stata kivivu, kwa hiyo hewa inapoa na nyingine inavujia kwenye ringi kabla mafuta hayajafika. Isitoshe, 1HZ haipulizi mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Inapuliza kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, na kuta za chumba hicho nazo zinakula joto. Ndiyo maana injini za namna hii zinazitegemea hita plagi kuliko dizeli za kisasa. Kila silinda ina yake, na ncha yake inachomoza ndani ya kile chumba, inaiva nyekundu kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Mafuta yakipita karibu yake yanashika.

Sasa taa. Inawashwa na kuzimwa na taima, na taima inaangalia joto la maji ya injini: maji yakiwa baridi taa inakaa zaidi, yakiwa ya moto inamulika kidogo tu. Haipimi hita plagi hata moja. Ikizimika maana yake ni kwamba muda umekwisha, piga stata. Hita plagi zenyewe mara nyingi zinaendelea kupata umeme kwa muda hata baada ya taa kuzimika, ili injini isitetemeke mwanzoni.

Chukua gari ambalo hita plagi mbili kati ya sita zimekatika ndani. Moshi mjini, chini ya mita 1,000, dereva haoni tatizo. Apeleke wageni ukingoni mwa Ngorongoro mwezi wa Julai, walale huko juu kwenye mita 2,300 hivi, ambako baridi ni kali na hewa ni nyepesi. Alfajiri taa inawaka, inazimika, stata inazunguka, injini inashika kwa shida, inatetemeka, na ekzosi inatoa moshi mweupe unaowasha macho. Huo ni mafuta ya zile silinda mbili, yanatoka bila kuungua. Baada ya dakika moja au mbili hedi inapata joto, silinda zote zinafanya kazi, moshi unakatika, na dereva anasema dizeli ya huku ina maji. Moshi mweupe unaoisha wenyewe hivyo, mimi ningeanza na hita plagi kabla ya kugusa tangi.

Kupima si kazi kubwa. Hita plagi zote zimeunganishwa juu kwa bati moja refu la kupitisha umeme. Kwanza mtu afungue swichi huku mita iko kati ya bati hilo na bodi ya injini. Umeme usipofika kabisa, kosa liko kwenye rilei, fyuzi au waya, na kununua hita plagi mpya ni kutupa hela. Umeme ukifika, zima swichi, fungua nati ndogo, toa bati, kisha pima kila moja peke yake kati ya ncha yake ya juu na bodi. Nzima husoma kama omu moja au pungufu. Iliyokatika haisomi chochote. Usipotoa bati utadanganyika, kwa sababu nzima zitaisomea ile mbovu.

Kuzichomoa, subiri injini iwe na joto. Iliyovimba ncha au kushikwa na masizi ikilazimishwa inakatikia ndani, na hapo hedi inashushwa.

Kuna wanaopulizia etha kwenye njia ya hewa ili gari liwake. Kwenye injini yenye hita plagi usikubali: etha ikikutana na ncha nyekundu inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na kinachovunjika ni ringi au pistoni yenyewe.