"Gauni ndilo bidhaa, libaki shapu lote": dhana potofu kuhusu ukungu wa picha

"Kaka, gauni usiliguse. Weka ukungu nyuma tu, gauni libaki shapu, maana ndilo ninalouza." Wenye maduka ya nguo Kariakoo wanaoleta picha za kubadilishiwa vazi husema hivi karibu wote, na wahariri wa picha wengi huitikia tu. Matokeo tunayaona kila siku kwenye kurasa za mauzo. Dada amesimama Coco Beach, minazi nyuma yake imeyeyuka vizuri, bega lake la upande wa mbali limelainika, lakini mkono wa gauni uliolifunika bega hilo unaonyesha kila uzi. Mtazamaji hawezi kukutajia kosa liko wapi. Anasema tu kwamba nguo imebandikwa, na hajakosea.

Lenzi haijui bidhaa wala haijui mtu. Inachokijua ni umbali. Fikiria kioo kikubwa cha dirisha kimesimamishwa mbele ya kamera, sambamba nayo, pale fokasi ilipowekwa. Kinachogusa kioo hicho kinatoka kikali. Kinachosogea mbele au nyuma yake, kila nukta yake inatanuka kuwa duara, na duara linakua kadiri kitu kinavyojitenga na kioo. Mtu akisimama kiupande, kioo kinapita machoni, kinagusa bega la karibu au kulikosa kidogo, na bega la mbali linabaki nyuma kabisa. Kwa hiyo gauni moja linaweza kuwa kali kifuani na laini mkononi, kwenye mwili uleule na picha ileile. Hilo si kosa la mpiga picha. Ndivyo kina cha fokasi kinavyofanya kazi.

Tuweke namba. Kamera ni ya kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, picha ya wima yenye pikseli 4000 kwa 6000, lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa f/1.8, macho ya dada yako mita 2 kutoka kwenye kamera. Hapo eneo linalohesabika kuwa kali lina unene wa kama sentimita 6 tu, 3 mbele na 3 nyuma. Kitambaa kilicho sentimita 10 nyuma ya macho, kila nukta yake ni duara la pikseli 17 hivi. Sentimita 20 nyuma, pikseli 32. Sentimita 30, karibu 46. Mkono wa gauni wenye marinda mapana, ukining'inia upande wa mbali, unafika sentimita 20 bila taabu. Ukiweka hapo kitambaa kilichopigwa f/8, yaani tundu la lenzi likiwa limebanwa, kikiwa kimetandazwa mezani, umeweka kitu chenye ukungu sifuri mahali panapodai pikseli 32.

Tena kitenge hakifichi kitu. Kitambaa cha rangi moja kinaweza kukusitiri, lakini maua na mistari ya kitenge ni mipaka mikali mamia kwa mamia, na kila mmoja unapiga kelele kwamba kitambaa hiki hakikuwepo.

Tufuate kazi yenyewe hatua kwa hatua. Mwenye duka ana picha nzuri ya gauni la bluu, mzigo mpya umekuja wa rangi ya chungwa na maua mengine, naye anataka dada yuleyule avae la chungwa. Kosa la kwanza hufanyika hapohapo: gauni la bluu linafutwa kabla halijasomwa. Lile gauni la zamani ndiyo rula yako. Lilikuwa pale, kwenye umbali uleule, na limerekodi ukungu wa kila sehemu. Liache kwenye leya yake, kuza picha hadi asilimia 300, kisha tafuta mpaka wenye rangi mbili zinazopingana: ukingo wa rinda, kifungo, ua jeupe juu ya bluu. Hesabu pikseli kuanzia rangi moja ikiwa kamili hadi rangi ya pili ikiwa kamili. Upana huo ndio kipenyo cha duara, kwa makadirio ya kutosha. Pima sehemu tatu. Tuseme kifuani umepata 3, juu ya kiwiko 17, kwenye ncha ya mkono 32.

Sasa leta gauni jipya. Lipunguze ukubwa, likunje lifuate mwili, sawazisha rangi na mwanga, vyote hivyo kabla ya ukungu. Ukitia ukungu kwanza halafu ukapunguza ukubwa, ukungu nao umepungua na vipimo vyako vimeharibika.

Kwenye Photoshop, rudufu leya ya gauni, fungua paneli ya `Channels`, tengeneza chaneli mpya na uipe jina, tuseme `Kina`. Paka nyeusi pale gauni linapopaswa kuwa kali, nyeupe pale lilipo mbali zaidi, na mpito wa kijivu katikati. Mpito huo ufuate mkono wa gauni unavyorudi nyuma, usiufanye uwe wa juu kwenda chini kwa sababu tu kuvuta mstari hivyo ni rahisi. Pale ulipopima 17, kijivu kiwe karibu na nusu, kwa kuwa 17 ni nusu ya 32. Rudi kwenye leya, chagua `Filter > Blur > Lens Blur`, kwenye `Source` weka `Kina`, `Blur Focal Distance` iwe 0 ili nyeusi ibaki kali, na `Radius` anzia 16, yaani nusu ya kipenyo kikubwa ulichopima. Namba hiyo ni ya kuanzia. Kinachoamua ni kuhesabu tena: ua la kitambaa kipya kwenye ncha ya mkono lazima lichukue upana uleule wa mpito kama ua la zamani. Likichukua 24, ongeza. Likichukua 40, punguza.

Programu yako ikiwa na `Gaussian Blur` peke yake, tumia robo ya kipenyo, siyo nusu. Kwa pikseli 32 weka 8. Ukiweka 16 utapata uji.

Baada ya hapo linakuja jambo la ukingo, na hapa ndipo dhana ya pili inapoharibu kazi nyingi: "Lainisha kingo tu, itakaa." Haikai. Ukilainisha kingo huku maua ya ndani yakibaki makali, umetengeneza stika yenye manyoya. Na ukilainisha maua huku maski ikibaki imekatwa kwa wembe, umetengeneza kitambaa laini kilichokatwa kwa mkasi. Ndani na ukingo vinakwenda pamoja kwa kipimo kimoja. Kabla ya kutia ukungu, tandaza rangi ya kitambaa ivuke mpaka wa maski kwa pikseli kama 40, ili ukungu ukivuta rangi kutoka pembeni uvute chungwa na siyo weupe wa meza uliyopigia picha. Ukiona uzi mweupe au mweusi umezunguka mkono wa gauni, hatua hii imerukwa. Halafu itie maski yenyewe ukungu, sehemu kwa sehemu, kwa vipimo vilevile.

Lakini si kila ukingo ulainishwe, na hili husahauliwa hata na wenye uzoefu. Ukingo ni mali ya kile kilicho mbele. Mkono wa gauni ulio mbali unapokutana na bahari, mkono ndio uko mbele, kwa hiyo mpaka huo unachukua ukungu wa mkono, pikseli 32. Kitambaa hichohicho kinapopita nyuma ya kidevu kilicho kwenye fokasi, kidevu ndicho kiko mbele, na mpaka unabaki mkali kama kidevu. Kitambaa kinalainika hadi kinapoingia chini ya kidevu, na rangi ya ngozi haimwagikii kwenye kitambaa. Ukiona kivuli cha kahawia kimevuja kwenye chungwa karibu na shingo, ujue umetia ukungu leya zikiwa zimeunganishwa. Zitenganishe, rudia.

Dhana nyingine ni fupi kuzijibu.

"Ukungu wowote ni ukungu." Hapana. Lenzi hugeuza nukta ya mwanga kuwa duara lenye mpaka unaoonekana, wakati `Gaussian Blur` huigeuza kuwa moshi. Kwenye pamba tofauti ni ndogo. Kwenye shanga na vito vya gauni la sendofu ni kubwa, kwa kuwa kila kinachometameta kinapaswa kuwa kiduara kinachong'aa. Huko usitumie Gaussian hata kidogo.

"Ukungu ukishakaa sawa, kazi imekwisha." Bado chenga, zile punje ndogondogo za picha. Chenga za kamera hutokea kwenye kihisi, baada ya lenzi, kwa hiyo zipo hata juu ya minazi iliyoyeyuka. Kitambaa ulichokitia ukungu kimefutiwa chenga zake na kinateleza kama plastiki. Tumia `Filter > Noise > Add Noise`, chagua `Gaussian` na `Monochromatic`, anza na asilimia 1, kisha linganisha na bahari iliyo jirani kwenye asilimia 200 hadi usione tofauti. Chenga ziende pale palipotiwa ukungu tu, kwa kufuata chaneli ileile ya `Kina`.

"Kwenye simu hakuna atakayeona." Picha ya urefu wa pikseli 6000 ikipunguzwa hadi 1350, duara la 32 linabaki na pikseli 7. Saba zinaonekana. Ila kumbuka kwamba mhariri aliyepewa nakala iliyokwisha kupunguzwa, akapachika 16 kwa sababu aliisoma mahali, ataharibu zaidi ya aliyeacha bila kitu.

"Mkono una ukungu, basi uko nje ya fokasi." Pepo za baharini hupeperusha kitambaa. Ukungu wa mwendo huvuta upande mmoja: mistari inayofuata upepo hubaki mikali, inayoukata hulainika. Ukungu wa fokasi hulainisha pande zote sawa. Angalia kabla ya kupima.

Na picha ya simu iliyopigwa kwa hali ya `Portrait` ina mambo yake. Ukungu wake haukutengenezwa na lenzi. Simu imekisia umbali, na mara nyingi imeuacha mwili wote wa mtu ukiwa mkali, mabega yote mawili, kisha ikayeyusha nyuma ghafla. Kwenye picha kama hiyo, ukilainisha mkono wa gauni kwa sababu hesabu ya lenzi inadai hivyo, wewe ndiye umeleta kitu kigeni. Pima gauni la zamani. Likiwa kali hadi ncha, jipya nalo libaki kali hadi ncha.

Mwenye duka anayetaka kweli gauni lake lionekane lote, ombi hilo alipeleke kwa mpiga picha siku ya kupiga. Kwa lenzi na umbali uleule, f/5.6 hushusha lile duara la sentimita 20 kutoka pikseli 32 hadi 10, na kwenye picha ya mtandaoni zinabaki 2 tu. Minazi ikisogezwa mbali, mita 15 au 20 nyuma ya dada, bado itayeyuka.