Bei ya saa tulivu: maana yake na kinachoizuia isishushe hadhi ya biashara

Bei ya saa tulivu ni bei pungufu ambayo biashara ya huduma huitoza kwa saa zile tu ambazo kwa kawaida hukosa wateja, huku bei ya saa nyingine zote ikibaki kama ilivyo. Bei ya wanafunzi na bei ya wazee ni ndugu zake wa karibu, kwa sababu mwanafunzi ana mapengo katika ratiba yake na mstaafu hafungwi na saa za ofisi, hivyo wote wawili wanaweza kufika katikati ya wiki wakati watu wengine wako kazini. Ugumu wa dhana hii hauko katika kupunguza bei, jambo ambalo kila mtu analiweza. Uko katika kuuza saa ambayo ingepotea bure, bila kumfanya mteja wa kila siku aanze kuiona bei kamili kuwa ni bei ya wasiojua.

Tuchukue saluni yenye viti vinne. Saa ya kiti haina ghala: kiti kilichokaa kitupu Jumanne saa tano asubuhi hakiwezi kuuzwa Jumamosi, hata kama Jumamosi watu wanapanga foleni mlangoni. Wakati huohuo kodi ya jengo, mishahara ya kudumu na taa hulipwa bila kujali kama kiti kina mtu. Kwa hiyo anayefikiria kupunguza bei ya saa hiyo hana haja ya kuuliza kama bei mpya inabeba sehemu yake ya kodi. Anapaswa kuuliza kama inazidi gharama zinazozaliwa na mteja huyo mmoja tu, yaani dawa za nywele, maji, usafi wa taulo na kamisheni ya mtengeneza nywele. Kinachobaki baada ya gharama hizo ndicho mchango wa mteja katika kulipa yale yasiyobadilika.

Ili hesabu isifungwe na sarafu yoyote, tuseme bei kamili ya huduma ya saa moja ni 100, na gharama zinazoletwa na kila mteja ni 30. Mchango wake ni 70. Kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, saluni ina saa 60 za viti, na kati ya hizo ni 15 tu zinazopata wateja. Mchango wa kipindi hicho kwa wiki ni 1,050. Mwenye saluni anaamua kushusha bei hadi 80 kwa kila atakayefika katika saa hizo. Mchango wa kila mteja sasa ni 50, na hapo ndipo wengi hufurahi mapema mno, kwa sababu humtazama mteja mpya anayeleta 50 ambazo hazikuwapo, wakasahau wale 15 ambao tayari walikuwa wanakuja na kulipa 100 bila kulalamika. Wateja hao nao watalipa 80, na mchango wao wote utashuka kutoka 1,050 hadi 750. Wanahitajika wateja wapya sita kila wiki ili saluni irudi pale ilipokuwa.

Bado kuna wanaohama. Tuseme wateja watano wa Jumamosi wanagundua kwamba wanaweza kuja Jumatano, nao wanahama. Ikiwa nafasi zao za Jumamosi zinajazwa na watu waliokuwa wakirudishwa kwa kukosa kiti, kuhama huko ni faida tupu, na kwa kweli ni nusu ya sababu nzuri ya kuwa na bei hii. Lakini ikiwa Jumamosi hakuna anayerudishwa, kila aliyehama ameacha 20 njiani, yaani 100 kwa wote watano, na idadi ya wateja wapya wanaohitajika kufidia hasara inapanda kutoka sita hadi wanane. Hapa tunafika kwenye neno linalobeba dhana nzima: uzio.

Uzio wa bei ni sharti linalomruhusu mtu mmoja kupata bei pungufu na kumzuia mwingine, bila muuzaji kulazimika kukisia nani ana uwezo wa kulipa. Mashirika ya ndege ndiyo yaliyoufanya ufundi huu ujulikane. American Airlines ilipoanzisha nauli zake za chini mwaka 1977, ilizifunga kwa masharti ya kununua tiketi mapema na kukaa safarini kwa siku kadhaa, masharti ambayo msafiri wa likizo aliyatimiza kwa urahisi, ilhali msafiri wa kibiashara, anayeondoka kesho na kurudi keshokutwa, hakuweza. Saa ya siku ni uzio wa aina hiyo, kwani anayefanya kazi hadi jioni hawezi kuuruka. Kitambulisho cha mwanafunzi au uthibitisho wa umri ni uzio wa pili, na ukiwekwa juu ya ule wa kwanza hesabu hubadilika sana.

Turudi kwenye saluni yetu. Mwenye saluni sasa anatoa bei ya 80 kwa wanafunzi na kwa watu wenye umri wa miaka 60 au zaidi, katika saa zilezile za katikati ya wiki. Kati ya wale wateja wake 15 wa awali, wanne tu wana sifa hizo, hivyo anapoteza 80 kwa wiki badala ya 300. Wateja wapya wawili wanatosha kufidia na kubakiza kidogo. Wahamiaji wa Jumamosi pia wanapungua, kwa kuwa wengi wao si wanafunzi wala wazee. Ubaya wake ni kwamba kundi linaloweza kuingia ni dogo zaidi, na mwenye saluni aliye mbali na chuo au na makazi ya wastaafu anaweza kuwa na uzio imara unaolinda shamba lisilo na mazao. Kwake yeye uzio wa saa peke yake, pamoja na sharti la kuweka nafasi kabla, unaweza kufaa zaidi.

Sasa hadhi ya biashara. Mteja ana bei kichwani mwake ambayo hupimia bei nyingine zote, na bei hiyo hujengwa na kile alichokiona na kukilipa mara nyingi. Punguzo linalotokea ghafla, likatangazwa leo kwa sababu asubuhi ilikuwa kavu, kisha likarudi wiki ijayo kwa kiwango kingine, huishusha bei hiyo ya kichwani, kwa sababu mteja haoni sababu yake isipokuwa moja: kwamba hawa wana njaa. Punguzo lilelile, likiwa na saa zilizoandikwa, kundi lililotajwa na kiwango kisichobadilika kwa miezi, husomeka kama utaratibu. Kwa maoni yangu tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti kati ya punguzo la asilimia 15 na la asilimia 25, ingawa wenye biashara hutumia muda wao mwingi kubishana juu ya asilimia.

Namna bei inavyotajwa nayo ina uzito. Mwaka 1986 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majibu ya watu walioulizwa kuhusu duka lililopandisha bei ya sepetu za theluji kutoka dola 15 hadi dola 20 asubuhi iliyofuata dhoruba. Watu 82 kati ya kila 100 waliona kitendo hicho si haki. Watu huvumilia kupunguziwa wakati wa utulivu, lakini huchukia kuongezewa wakati wa uhitaji, hata pale tofauti ya fedha inapokuwa ileile. Ndiyo maana katika orodha ya bei za saluni 100 lazima iwe bei ya huduma, na 80 iwe bei ya wanafunzi na wazee kwa saa zilizotajwa. Ikiandikwa kinyume, yaani 80 kuwa ya kawaida na 100 kuwa ya Jumamosi, mteja wa Jumamosi atajiona anaadhibiwa. Risiti nayo ionyeshe bei kamili kwanza, kisha punguzo kwa jina lake, ili anayelipa 80 kwa mwaka mzima asisahau thamani ya alichopewa.

Huduma yenyewe haipaswi kupunguzwa hata kidogo, na hapa tatizo mara nyingi hutoka ndani. Mtengeneza nywele anayelipwa kamisheni kwa asilimia ya fedha iliyopokelewa huona mteja wa Jumanne akimletea kipato kidogo kwa kazi ileile, na mkono wake huharakisha bila yeye kukusudia. Dawa yake ni kuhesabu kamisheni kwa bei kamili, gharama ya punguzo ikabaki kwa biashara. Ndiyo sababu katika hesabu yetu ile 30 haikuguswa bei iliposhuka. Vivyo hivyo, kitambulisho kiulizwe kwa upole wakati wa kuweka nafasi, si mbele ya wateja wengine wakati wa kulipa. Mzee anayetakiwa kuthibitisha umri wake kwa sauti mbele ya watu hatarudi, hata akipewa nusu bei. Na kwa kuwa sheria za baadhi ya nchi huwekea mipaka bei zinazotofautishwa kwa umri, inafaa kulihakiki hilo kabla ya kuchapisha orodha.

Kujua kama mpango unafanya kazi hakuwezekani kwa kutazama viti vya Jumanne pekee, maana viti hivyo karibu lazima vijae zaidi. Kabla ya kuanza, mwenye biashara anaandika idadi ya wateja kwa kila siku na kila kipindi kwa muda wa wiki nane hivi. Baada ya kuanza, kila anayelipa bei pungufu anaingizwa katika moja ya mafungu matatu: hakuwahi kufika, alikuwa akifika saa hizohizo, au alikuwa akifika saa za bei kamili. Jumanne ikipanda kwa wateja wanane na Jumamosi ikishuka kwa idadi hiyohiyo, saluni haijapata wateja. Imewapangia tu siku nyingine na kuwalipa ili wakubali. Dalili nyingine ni mhudumu wa mapokezi anayeanza kumruhusu aliyefika saa tisa na robo, kisha rafiki wa mwanafunzi, kisha mteja wa zamani aliyeomba kwa upole. Uzio unaofunguliwa kila anapokuja mtu wa kuubisha hodi umekwisha kuwa mlango, na bei ya 80 inaelekea kuwa bei ya nyumba nzima.

Saa nyingine hazijazwi na bei yoyote, kwa sababu hakuna watu wanaopita au kwa sababu hitaji lenyewe halizuki wakati huo. Ikiwa baada ya wiki 12 wateja wapya hawajafikia idadi ya kufidia, ni nafuu zaidi kufungua saa nane mchana na kuokoa mishahara ya asubuhi, au kuzitumia saa hizo kuwafunza wafanyakazi. Na ikiwa mpango umefanikiwa kupita kiasi, tuseme Alhamisi imeanza kuwarudisha watu, bei haipandishwi kwa wale waliokwisha kuizoea. Dirisha ndilo linalofupishwa: Alhamisi huondolewa kwenye orodha kwa tangazo la mwezi mmoja kabla, na Jumanne na Jumatano hubaki kama zilivyokuwa.