Piga Picha ya Lami Kabla ya Bampa

Faili nyingi za madai ya bima ya magari zinazofika mezani kwangu zina picha za namna moja: bampa lililopasuka, limepigwa kwa karibu mpaka limejaza kioo chote cha simu. Mteja amepiga kumi na tano za hivyo hivyo. Naiona hasara, ila ajali siioni. Sijui gari lilikuwa wapi, lilikuwa linaelekea wapi, wala kama mpasuko ule ni wa siku hiyo au wa mwaka jana. Mkadiriaji hasara ana maswali matatu: ajali ilitokeaje, uharibifu huu umetokana na ajali hiyo kweli, na kuutengeneza kutagharimu kiasi gani. Picha ya bampa peke yake inagusa swali la tatu tu, tena bampa lenyewe halina haraka. Kesho litakuwa bado limepasuka na fundi ataliona.

Kisichosubiri ni kilichoko barabarani. Magari yakigongana, udongo ulioganda ndani ya madigadi hudondoka papo hapo. Vioo vya taa hutawanyika. Chuma kilichoshuka hukwaruza lami na kuacha kovu. Rejeta ikitoboka, maji yake huchora mstari kutoka pale palipogongewa hadi gari liliposimama. Baada ya saa moja magari mengine yamekwishapita juu ya vyote hivyo, na pengine mtu mwema amekwishafagia vioo.

Chukua ajali ya magari mawili, jeupe na la buluu, yaliyokuwa yanakuja uso kwa uso kwenye barabara ya njia mbili. Yaligongana pembeni mwa pua, upande wa madereva. Kila dereva alisema mwenzake ndiye aliyevuka mstari wa katikati. Gari jeupe lilizunguka baada ya kugongwa na likaishia upande usio wake, kwa hiyo aliyetazama picha za magari yalivyosimama angempa kosa dereva wa jeupe moja kwa moja. Dereva huyo aliokolewa na picha tatu za chini. Zilionyesha mkwaruzo mpya kwenye lami na mabonge ya udongo mkavu kando yake, vyote vikiwa sentimita 60 ndani ya upande wake mwenyewe. Mstari wa katikati ulionekana katika zote tatu, na nguzo moja ya umeme ilionekana nyuma.

Nguzo ile ndiyo iliyozipa picha zile nguvu. Mkwaruzo wa lami bila kitu kisichohama kando yake unaweza kuwa wa barabara yoyote. Kwa kuwa nguzo ilikuwepo, mkaguzi alirudi pale siku nne baadaye, akasimama aliposimama dereva, akapima mwenyewe.

Si kila kilicholala chini kina uzito sawa. Vioo ni vyepesi, huruka mbali kufuata mwendo, kwa hiyo vinaonyesha mwelekeo kuliko mahali. Udongo hudondoka karibu zaidi na pale palipogongewa. Kovu la chuma kwenye lami ndilo ninaloliamini kuliko vyote, mradi uonekane upya wake: lami iliyochanika karibuni huwa nyeusi au inang'aa, ya zamani imepauka na kujaa vumbi. Alama za breki piga pia, ingawa magari yenye mfumo wa kuzuia tairi kujifunga huacha alama hafifu sana, na kutoziona hakuthibitishi kwamba dereva hakufunga breki.

Utaratibu wake hauchukui dakika tano. Kwanza zima injini, washa taa za tahadhari, hudumia walioumia. Picha haipigwi katikati ya barabara yenye magari yanayopita, bora uikose. Kukiwa salama, rudi nyuma hatua kama ishirini kando ya njia uliyokuja nayo, upige eneo zima simu ikiwa usawa wa macho, kisha fanya hivyo kutoka pande nyingine tatu. Usitumie lenzi pana ya simu, ile inayoandikwa 0.5x, kwa sababu inavuta kingo na kufanya vitu vionekane viko mbali kuliko vilivyo. Baki kwenye 1x na usogee kwa miguu. Halafu ndiyo ukaribie vilivyoko chini. Kama sheria ya mahali ulipo au usalama unadai magari yaondolewe haraka, zile nne za mwanzo zitatosha kuliko kukosa zote.

Sasa njoo kwenye gari. Kila jeraha lipigwe mara tatu: upande mzima wa gari namba za usajili zikionekana, kisha kipande husika kama mlango au boneti, kisha jeraha lenyewe. Hiyo ya mwisho iwe na kitu cha kulinganisha ukubwa, tepu ya kupimia au hata kalamu, kikiwa kimelala juu ya bati lenyewe. Ukikishika mbele karibu na simu kitadanganya. Bonde la bati likipigwa uso kwa uso hupotea kabisa. Simama kwa mshazari, na zima flashi, maana hugonga rangi na kurudisha doa jeupe palepale unapotaka paonekane.

Pima pia urefu kutoka chini hadi kwenye jeraha, kwenye magari yote mawili. Jeupe lilikuwa na mchubuko wenye rangi ya buluu kwenye sentimita 54, na la buluu lilikuwa na rangi nyeupe kwenye sentimita 51. Tofauti hiyo haikunisumbua, kwani gari likifunga breki pua huinama. Ingekuwa sentimita 20 ningeuliza kilichogonga ni nini.

Makovu ya zamani usiyafiche. Kutu ndani ya mkwaruzo na vumbi lililotulia kwenye ufa vinajisema vyenyewe, na mteja aliyekwepa kuyapiga hunifanya nitilie shaka hata yale ya kweli. Yapige, useme ni ya zamani.

Picha zikishapigwa, ziache kama zilivyo. Ndani ya faili ya picha simu huandika saa na, kama umeruhusu, mahali ilipopigwa. Ukiituma kama picha ya kawaida kwa WhatsApp, inabanwa na taarifa hizo zinafutwa. Ukiituma kama dokumenti, zinabaki. Kupiga picha ya kioo cha simu nako huzaa faili mpya yenye saa ya baadaye. Ukitaka kuchora mshale, chora kwenye nakala. Na picha halisi usizifute kwenye simu mpaka dai lifungwe.

Kuna hatua moja ambayo wateja wengi huiacha mikononi mwa gereji. Bampa la gari jeupe lilipofunguliwa, chuma cha nyuma yake kilikuwa kimepinda na vishikio vya rejeta vimekatika, vitu ambavyo havikuwemo kwenye makadirio ya kwanza. Fundi alikuwa ameombwa mapema asimamishe kazi akikuta kitu kipya. Alikipiga picha kabla ya kukitoa, kikiwa bado kimefungwa kwenye gari, namba za usajili zikionekana kwenye picha moja, kisha vipande vya zamani vikawekwa pembeni mpaka mkadiriaji alipokuja kuvitazama. Nyongeza ile ilikubaliwa. Chuma kilichopinda kikiletwa peke yake ndani ya mfuko, sina njia ya kujua kilitoka gari gani.