Dohani haivuti moshi

Nimeisikia tena juzi pale Mikindani. Fundi anamwambia mama lishe, "Ongeza bomba, mama. Likiwa refu linanyonya moshi lenyewe." Ushauri si mbaya. Kinachonikera ni hilo "linanyonya".

Mkondo wa dohani ni mwendo wa hewa na moshi kwenda juu ndani ya bomba, kwa sababu hewa ya moto iliyomo ni nyepesi kuliko hewa ya nje. Basi.

Lugha nayo inatuponza. Dohani tumeitoa kwenye Kiarabu, dukhan, yaani moshi wenyewe. Sisi tunavuta sigara, tunavuta kiko, tunavuta pumzi, na kote huko kuna kifua kinachotanuka. Bomba la bati lina kifua gani?

Tupime bomba la huyo mama: kimo mita 3, upana wa mdomo sentimita 10. Likijaa hewa ya nje yenye nyuzi 30, hewa hiyo ina uzito wa gramu 27 hivi. Likijaa moshi wa nyuzi 200, uzito unashuka hadi kama gramu 17 na nusu. Tofauti haifiki gramu 10, kama korosho mbili ndogo zenye maganda. Hewa nzito ya jikoni inaingia kwa chini, mlangoni mwa jiko, na kuusukuma moshi mwepesi juu. Bomba la mita 1 lingetoa gramu 3 tu. Ndiyo faida ya urefu. Lakini bati jembamba hupoteza joto, na moshi ukipoa unakuwa mzito, hivyo kurefusha nako kuna kikomo.

Sasa ona neno linavyopoteza watu. Huyo mama, kwa kuuogopa upepo wa kusi, alikuwa amefunga mlango na dirisha. Moshi ukarudi ndani. Fundi akaongeza mita nzima, ukarudi vilevile, kwa kuwa hakukuwa na njia ya hewa ya kuusukuma. Dirisha la upande unakotoka upepo lilipofunguliwa kiasi, jiko likatulia. Asubuhi pia lilimsumbua: bomba likiwa bado baridi, ndani na nje uzito ni mmoja, basi hakuna kinachosukumwa. Karatasi moja ikiwashwa pale bomba linapoanzia inatosha kulipasha. Na kiungo chenye ufa nacho huingiza hewa baridi katikati ya njia, moshi ukapoa kabla ya kufika juu.

Kwa hiyo, fundi wangu, bomba refu endelea kuliweka, tena mdomo wake upite kilele cha paa. Ila ukimweleza mteja, mwambie moshi unasukumwa na hewa inayoingia kwa chini. Akilijua hilo, dirisha hatalifunga lote.