Sifuri iliyopotea: kwa nini apu inaikataa kadi yako mpya

Ninashughulikia malipo ya kadi kwenye apu moja ya kulipia ada kila mwezi, na lalamiko linalonijia mara nyingi ni la mtu aliyeletewa kadi mpya na benki. Anaingia kwenye apu abadilishe namba, anaandika kila kitu sawasawa, anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na apu inamwambia kadi imekataliwa. Anajaribu tena. Jibu ni lilelile. Kadi hiyohiyo amelipia dukani asubuhi bila shida.

Mteja aliyenifundisha zaidi ni dada mmoja anayeishi Worcester, Massachusetts. Mwenzangu wa huduma kwa wateja alimjibu kama tulivyozoea kujibu: "Dada, tafadhali wasiliana na benki yako." Akawasiliana. Kesho yake akarudi: "Kaka, benki wanasema kadi ni nzima, na ombi lenu wamelipitisha mara tatu. Kila mara naona dola moja imeshikiliwa." Aliyosema yalikuwa kweli tupu, na sisi tulikuwa tumempotezea siku nzima.

Kadi mpya inapoingizwa, apu hutuma benki ombi dogo la kuihakiki, la sifuri au la dola moja ambayo baadaye huachiliwa. Ombi hilo hubeba namba ya kadi, tarehe ya mwisho, tarakimu za usalama za nyuma, na anwani uliyoandika. Kwa kadi za Marekani, Kanada na Uingereza, benki hulinganisha anwani hiyo na ile iliyomo kwenye faili lako. Ukaguzi huo huitwa AVS. Hausomi jina la mtaa neno kwa neno. Unachoangalia zaidi ni tarakimu: namba ya nyumba na msimbo wa posta. Kisha benki inarudisha majibu mawili tofauti: moja la kusema kadi imekubalika au imekataliwa, na jingine ni herufi inayoeleza anwani imelinganaje. Y ni kwamba vyote viwili vimelingana, Z ni msimbo wa posta peke yake, A ni namba ya nyumba peke yake, N ni kwamba hakuna kilicholingana.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Benki inaweza kuipitisha kadi na papo hapo ikasema msimbo wa posta haulingani. Kuamua kinachofuata ni kazi ya mwenye apu. Sisi tulikuwa tumeuweka mfumo wetu ukatae kila kadi ambayo msimbo wake haukulingana. Kwa hiyo benki ilisema ndiyo, sisi tukasema hapana, na mteja akabaki katikati na dola zake tatu zimeshikiliwa.

Nilipofungua kumbukumbu za ombi lake nilikuta hivi:

```
"postal_code": "1609",
"avs_result": "A"
```

Msimbo wa posta wa Marekani una tarakimu tano. Wake ni 01609, na aliuandika wote. Ukurasa wetu mpya wa kubadilisha kadi ulikuwa unauchukua kama namba ya hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mwanzo haina thamani, ikadondoka:

```
>>> int("01609")
1609
```

Benki ilipokea tarakimu nne, ikazilinganisha na tano, ikarudisha A. Nilipozipanga kadi zote zilizokataliwa mwezi ule kwa jimbo, picha ilijitokeza yenyewe. Wateja wa Minneapolis, ambako misimbo huanza na 55, walikuwa wanapita. Wa Texas, wanaoanza na 7, vilevile. Waliokwama walikuwa Massachusetts, New Jersey, Connecticut na Maine, majimbo ya kaskazini mashariki ambako misimbo huanza na sifuri.

Dada yule aliniuliza swali zuri: mbona alilipa miaka miwili bila tatizo? Kadi ya kwanza aliiandikisha kupitia tovuti, ambako sehemu ile ilikuwa ya maandishi ya kawaida. Na makato ya kila mwezi yaliyofuata yalikuwa yanapita bila kupeleka anwani, maana kadi ilishahakikiwa. Hitilafu inaweza kulala kwa muda mrefu namna hiyo, ikaamka siku kadi inapobadilishwa. Ndivyo inavyokuwa pia kwa mtu aliyehama nyumba bila kuiarifu benki: kadi ya zamani inaendelea kukatwa, ile mpya inagoma.

Ukikwama, tazama kwanza jibu limechukua muda gani. Kosa likitokea papo hapo, hata kabla kiduara hakijazunguka, na benki haijakutumia ujumbe wowote, basi ni fomu ya apu iliyokataa umbo la ulichoandika. Ombi halijafika benki, na kuipigia hakutasaidia. Likichukua sekunde kadhaa na ukaona ujumbe wa benki au kiasi kidogo kimeshikiliwa, ombi limefika, na unachotafuta ni tofauti kati ya ulichoandika na kilichomo kwenye faili la benki. Fungua taarifa ya akaunti yako, nakili anwani kama ilivyo pale, hata kama siku hizi unaishi kwingine. Kama kadi ni ya mume au ya dada yako, anwani inayotakiwa ni ya mwenye kadi. Usijaribu mara kumi mfululizo, kwa sababu benki huweza kuifunga kadi ikidhani ni mwizi anayebahatisha.

Fomu nazo zina vituko vyake. Kanada hutumia herufi na tarakimu kwa kupokezana, kama M5V 2T6, na apu inayofungua kibodi ya tarakimu peke yake haimpi mteja hata njia ya kuandika. Herufi O haitumiki kabisa katika misimbo ya Kanada, kwa hiyo duara unaloliona ni sifuri. Wengine huweka nafasi tupu mwishoni bila kujua, hasa simu inapojaza anwani yenyewe.

Kwa wenye kadi zilizotolewa na benki za Kenya au Tanzania hali ni nyingine. Benki nyingi za kwetu hazifanyi ulinganisho huu wa anwani, kwa hiyo msimbo ukikataliwa, mara nyingi ni fomu. Angalia nchi iliyochaguliwa: ikibaki Marekani, apu inasubiri tarakimu tano na jina la jimbo. Msimbo wa Nairobi, 00100, huumia zaidi kwa kosa lililompata dada wa Worcester, kwa sababu ukigeuzwa hesabu unabaki 100. Na Dubai haina misimbo ya posta kabisa, lakini fomu nyingi bado zinaulazimisha.

Kwa upande wetu, tiba ilikuwa mstari mmoja:

```
<input type="text" name="postal_code"
       autocomplete="postal-code">
```

Baada ya hapo tulibadilisha pia safu ya hifadhidata iwe ya maandishi, tukaondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho kabla ya kutuma, na tukaandika ujumbe mpya wa kosa: "Msimbo wa posta haulingani na ulio benki", badala ya "kadi imekataliwa". Nilimpigia dada yule mwenyewe, nikamwomba radhi na kumsihi ajaribu mara moja tu. Akaandika 01609 nikiwa bado kwenye simu, na jibu likarudi Y.